Umeshinda, lakini utalipwa ngapi? Tofauti ya odi na mfuko wa pamoja

BUNIA – Usiku wa tarehe 28 Januari 2024, kipa Lionel Mpasi alipachika penalti ya mwisho mjini San Pedro, na Chui wa Kongo wakaitoa Misri katika Kombe la Mataifa ya Afrika kwa penalti 8 kwa 7. Dakika 90 zilikuwa zimekwisha kwa bao 1-1, la Meschack Elia upande wa Kongo na la penalti la Mostafa Mohamed upande wa Misri, na dakika 30 za nyongeza hazikubadili kitu.

Kwa aliyekuwa ameweka pesa kwenye mechi hiyo, furaha ya kusonga mbele haikutosha. Aliyeandika kwenye mkeka wake "Kongo inashinda" bila maelezo mengine alipoteza, kwa sababu makampuni ya kubashiri huhesabu ushindi wa mechi kwa dakika 90 pamoja na zile za majeruhi, na matokeo ya muda huo yalikuwa sare. Aliyeandika "Kongo inafuzu" ndiye aliyeshinda.

Kuna tofauti nyingine, na hii haizungumzwi sana kwenye vibanda vya kubashiri vya Bunia. Watu wawili wanaweza kuweka dau linalolingana kwa timu moja, wote wakapatia, kisha mmoja akaondoka na zaidi ya mara mbili ya pesa yake na mwenzake akarudishiwa pungufu ya alichotoa. Hakuna aliyeibiwa. Mmoja aliweka pesa kwa odi isiyobadilika, mwingine akaiweka kwenye mfuko wa pamoja.

Bei iliyofungwa

Odi ni namba ya kuzidisha dau. Kibanda kikiandika 2.40 kwa Kongo kufuzu, anayeweka franka 1,000 atalipwa 2,400 timu ikifuzu, na dau lake limo ndani ya hizo 2,400. Namba hiyo hufungwa pale mkeka unapochapishwa. Hata kama jioni kibanda kitaishusha hadi 2.10 kwa sababu watu wengi wanaikimbilia Kongo, mwenye mkeka wa asubuhi bado anadai 2,400. Watu wengine wameweka nini, wangapi na upande gani, hayo hayamhusu. Anadaiana na kampuni peke yake.

Kampuni nayo haitoi bei hiyo kwa wema. Tuseme, kwa mfano, ilikuwa imeandika 2.40 kwa Kongo na 1.55 kwa Misri. Ili kuona kampuni imejiwekea nini, chukua 1 ugawe kwa kila odi, halafu ujumlishe. Moja kugawa kwa 2.40 ni 0.417. Moja kugawa kwa 1.55 ni 0.645. Jumla ni 1.062. Kama bei zingekuwa za haki kabisa, jumla ingekuwa 1 kamili. Kile kilichozidi ndicho fungu la kampuni, na hapa ni karibu franka 58 katika kila 1,000 zinazowekwa, iwapo pesa zimegawanyika sawasawa na odi zenyewe.

Hilo "iwapo" lina uzito. Watu wakirundikana upande mmoja na upande huo ukashinda, kampuni inalipa kutoka mfukoni mwake. Ndiyo maana hushusha odi ya timu inayokimbiliwa, huweka kikomo cha dau, na huandika kwenye masharti kiasi cha juu kabisa ambacho mkeka mmoja unaweza kulipwa. Anayeweka pesa nyingi asome kikomo hicho kabla ya kulipia, si baada ya kushinda.

Mfuko usio na bei

Mfuko wa pamoja haufanani na hilo hata kidogo. Wote wanaweka pesa mahali pamoja, mwandalizi anatoa makato yake, na kinachobaki kinagawanywa kwa waliopatia, kila mmoja kulingana na dau lake. Wakongo wanaijua likelemba, ambapo watu huchanga na kila mmoja hupokea kwa zamu. Mfuko wa kubashiri nao huanza kwa mchango, ila hauna zamu: matokeo ndiyo yanayoamua nani apokee, na idadi ya waliopatia ndiyo inayoamua apokee ngapi.

Wazo hili lilianzia kwenye mbio za farasi mjini Paris miaka ya 1860, kwa mfanyabiashara Joseph Oller, mzaliwa wa Katalunya. Mwaka 1891 sheria ya Ufaransa iliuhalalisha mfumo huo kwenye viwanja vya farasi, ukachukua nafasi ya watu binafsi waliokuwa wakitoa bei. Huko ndiko ilikotoka PMU, jina linalojulikana hadi leo katika nchi nyingi za Afrika zinazozungumza Kifaransa.

Katika mfuko hakuna anayeweza kukuahidi bei wakati unaweka pesa. Bei haipo bado. Itajulikana mfuko ukishafungwa.

Hesabu ya mechi moja

Turudi kwenye mechi ya Kongo na Misri, na tuseme kulikuwa na mfuko wa mtaani mjini Bunia. Namba hizi ni za mfano, ila hesabu ndivyo inavyokwenda. Kila dau ni franka 1,000, swali ni nani anafuzu, na mwandalizi anakata franka 20 katika kila 100.

Saa sita mchana wameshaingia watu 100: 60 wako na Kongo, 40 wako na Misri. Mfuko una franka 100,000. Ukitoa makato unabaki na 80,000. Kongo ikifuzu, 80,000 zinagawanywa kwa watu 60, kila mmoja anapata 1,333. Misri ikifuzu, zinagawanywa kwa watu 40, kila mmoja anapata 2,000. Mwandalizi anaandika namba hizo ubaoni, na mpita njia akiona 1,333 anaona si mbaya.

Lakini ubao ule hautoi ahadi. Unaonyesha hali ilivyo saa hiyo tu. Mchana unapita, watu wanatoka kazini, jezi za Chui zinaonekana barabarani, na kila anayekuja anaiweka pesa yake kwa nchi yake. Mechi inapoanza mfuko una madau 400, na kati yake 340 ni ya Kongo na 60 ni ya Misri.

Sasa jumla ni 400,000. Makato ni 80,000, yanabaki 320,000. Kongo imefuzu. Gawanya 320,000 kwa 340, jibu ni franka 941.

Mtu alitoa 1,000, timu yake ikashinda, akalipwa 941. Yule aliyekuwa kibandani na odi ya 2.40 amelipwa 2,400 kwa mechi hiyo hiyo na kwa timu hiyo hiyo.

Wa kwanza kuingia mfukoni, aliyeweka mchana alipoona 1,333, naye anapata 941 kama yule aliyeweka dakika ya mwisho. Mfukoni kuwahi hakuna faida. Pesa zote za upande mmoja hulipwa sawa, na walioingia baadaye wamempunguzia yeye pia.

Hali ya kulipwa chini ya dau hutokea kila mara sehemu ya pesa iliyo upande ulioshinda inapozidi ile inayobaki baada ya makato. Mwandalizi akikata 20 katika 100, zinabaki 80. Upande mmoja ukiwa na zaidi ya 80 katika kila 100 zilizowekwa, upande huo hauwezi kupata faida hata ukipatia. Hapa Kongo ilikuwa na 340 kati ya 400, yaani 85 katika kila 100. Katika mbio za farasi za nchi kadhaa kanuni humtaka mwandalizi arudishe angalau dau zima hali hiyo ikitokea, na pengo alizibe yeye. Kwenye mfuko wa mtaani kanuni hiyo ipo tu kama ilitamkwa mapema.

Upande uliosahaulika

Ubaya wa hao 340 ndio uzuri wa wale 60. Kama Misri ingefuzu, 320,000 zingegawanywa kwa watu 60, kila mmoja angepata franka 5,333. Kibandani, kwa odi ya 1.55, mtu huyo angelipwa 1,550 tu. Misri, yenye vikombe saba vya Afrika, ndiyo iliyopewa nafasi kubwa zaidi na kibanda cha mfano wetu, na bado mfuko wa Bunia ungeilipa kama timu dhaifu, kwa sababu tu watu wa Bunia hawakuitaka.

Hapo ndipo akili ya mfuko inapotofautiana na ya odi. Kibandani mtu hujiuliza kama timu ina nafasi kubwa kuliko bei inavyosema. Mfukoni hujiuliza kama timu ina nafasi kubwa kuliko pesa za wenzake zinavyosema. Tuseme mtu anaamini Kongo na Misri zina nafasi sawa, nusu kwa nusu. Kwa makato ya 20 katika 100, kuiweka pesa kwa Kongo kuna maana pale tu ambapo Kongo ina chini ya 40 katika kila 100 za mfuko. Ikiwa na 40 kamili, atakayepatia analipwa 2,000, na kwa mchezo wa nusu kwa nusu hapo hana faida wala hasara kwa muda mrefu. Ikizidi hapo, anawachangia wenzake. Katika mfano wetu Kongo ilikuwa na 85, zaidi ya mara mbili ya kikomo hicho.

Lakini anayetafuta upande uliosahaulika anakutana na kizuizi kimoja: pesa yake mwenyewe. Tuseme mtu ameona wale 60 wa Misri, akaamua kuweka franka 20,000 upande huo kwa mkupuo. Mfuko unakuwa 420,000, baada ya makato 336,000. Pesa za Misri sasa ni 80,000. Gawanya, kila franka 1,000 ya Misri italipwa 4,200, si 5,333 tena. Amejishushia bei yeye mwenyewe, na kuwashushia wale 60 wengine. Kibandani odi ya 1.55 ingebaki 1.55 kwa dau la 1,000 au la 20,000, mradi hajavuka kikomo cha kampuni. Katika mfuko mdogo wa mtaani, dau kubwa hula faida yake lenyewe.

Nani anabeba hatari

Tofauti ya mwisho iko upande wa mwenye mchezo. Kama wale watu 400 wote wangekuwa kibandani kwa odi za mfano wetu, kampuni ingekusanya franka 400,000 na kulipa 816,000 kwa wale 340 wa Kongo. Ingepoteza 416,000 kwa usiku mmoja. Mwandalizi wa mfuko, kwa upande wake, alipata 80,000, na angepata 80,000 zilezile kama Misri ingefuzu. Kwake mshindi ni yeyote. Anachotaka ni watu wengi waingie.

Hii ndiyo sababu makato ya mfuko hutamkwa wazi ilhali fungu la kampuni ya odi limejificha ndani ya bei. Kwa mechi moja, franka 58 katika 1,000 ni kidogo kuliko 200 za mfuko. Ila vijana wengi hawachezi mechi moja. Huunganisha mechi tano, kumi au zaidi kwenye mkeka mmoja ili odi zizidishane, na fungu la kampuni nalo huzidishana. Kwa bei za aina ya mfano wetu, mkeka wa mechi nne tayari unaiachia kampuni kwa wastani zaidi ya franka 210 katika kila 1,000, na wa mechi tano karibu 260. Hapo odi imeshakuwa ghali kuliko mfuko, bila neno "makato" kuandikwa popote.

Jakipoti nayo ni mfuko

Mtu anaweza kudhani mambo haya ni ya farasi na ya mtaani tu. Lakini mfuko wa pamoja umeingia kwenye simu za Afrika Mashariki kwa jina la jakipoti. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Kenya, ambako SportPesa ilikuwa na jakipoti kubwa ya mechi 17 kwa dau la shilingi 100. Mei 2017 mtu mmoja alipatia zote 17 na kuchukua zaidi ya shilingi milioni 221 za Kenya. Februari 2018 mwingine alichukua zaidi ya milioni 230.

Kiasi kilifika huko kwa sababu wiki isipokuwa na mshindi, pesa ilihamia wiki iliyofuata. Na kilikwenda kwa mtu mmoja kwa sababu alikuwa peke yake. Wakiwa wengi waliopatia, jakipoti hugawanywa sawa kwao: ya milioni 100 ikiwa na washindi wanne, kila mmoja ana milioni 25. Namba kubwa iliyo kwenye tangazo ni ya mfuko mzima, na haimwambii mchezaji atakachopokea yeye.

Mechi 17 zenye matokeo matatu kila moja zinaweza kupangwa kwa njia 129,140,163. Lakini watu hawazitumii njia hizo zote kwa usawa. Wengi huandika timu kubwa inashinda, nyumbani inashinda, na sare huzikwepa. Wiki ambayo timu kubwa zote zimeshinda, waliopatia huwa wengi na mgao huwa mdogo. Wiki yenye sare nyingi na mishtuko, waliopatia huwa wachache au hawapo. Zawadi za waliokosea mechi moja au mbili, zinapotoka kwenye fungu la kugawanywa, hufuata sheria hiyohiyo: kukosea mechi mbili katika wiki rahisi kunaweza kulipa kidogo kuliko kukosea tatu katika wiki ngumu. Ndiyo maana mtu anaona jina lake kati ya washindi, kisha anashangaa kiasi kilichoingia kwenye simu.

Kabla ya kutoa pesa

Kwa anayeweka pesa, swali la kwanza ni kujua ameingia kwenye mchezo gani. Kama karatasi au simu inaonyesha kiasi kamili atakacholipwa kabla hajalipia, hiyo ni odi. Kama inaonyesha makadirio yanayobadilika, au jumla ya zawadi tu, huo ni mfuko.

Kwenye mfuko kuna namba tatu za kuulizia: jumla ya pesa zilizowekwa, makato ya mwandalizi, na kiasi kilicho kwenye kila upande. Kwa hizo tatu mtu yeyote mwenye simu ya kupigia hesabu anaweza kukagua malipo: toa makato kwenye jumla, gawanya kwa pesa za upande ulioshinda, zidisha kwa dau lako. Mwandalizi anayetaja malipo bila kutaja namba hizo tatu hajampa mtu njia ya kujua kama kamlipa sawa.

Jambo la nne ni saa ya kufunga. Mfuko unaopokea pesa baada ya mpira kuanza una tundu. Anayeweka dau dakika ya 80, timu yake ikiongoza kwa mabao mawili, haiongezi hatari yoyote kwenye mfuko. Anakuja tu kuchukua sehemu ya waliotangulia. Dalili yake ni rahisi kuiona: jumla iliyotangazwa baada ya mechi inazidi ile iliyokuwa ubaoni filimbi ya kwanza ilipopigwa, na ziada yote iko upande ulioshinda.

La tano ni kitakachotokea pasipokuwa na aliyepatia, au mechi ikivunjika. Pesa zinarudishwa, zinahamia mechi nyingine, au zinabaki kwa mwandalizi? Majibu yote matatu yanawezekana. Linalofaa kujulikana ni lile lililokubaliwa kabla mtu hajaweka franka yake ya kwanza, kwa sababu baada ya mechi kila mmoja atakumbuka lile linalomfaa.